Nani mrefu, nani mfupi? Mwongozo kamili wa kupima vimo na kuielewa standadi devieshen

Nafundisha hesabu za twisheni hapa Dodoma na kuna kazi moja nikiitoa najua kabisa itarudi imekosewa. Kazi yenyewe ni nyepesi kuisema, pima watu 20 halafu niambie nani mrefu na nani mfupi. Wanafunzi wanapima, wanatafuta wastani, afu kila aliye juu ya wastani wanamwandika mrefu na kila aliye chini wanamwandika mfupi. Kwa hiyo mtu wa sentimita 169 anaitwa mrefu na wa 167 anaitwa mfupi, wakati ukiwasimamisha pamoja barabarani huwezi hata kuwatofautisha.

Kinachokosekana pale ni namba ya pili. Wastani unakwambia katikati ya kundi ni wapi, lakini haukwambii watu wametawanyika kiasi gani kutoka hapo katikati, na bila kujua mtawanyiko huwezi kusema sentimita 5 juu ya wastani ni nyingi au ni chache. Hiyo namba ya pili ndo standadi devieshen, vitabu vingine vinaiita mkengeuko sanifu. Humu nitaitoa kwa mkono, hatua kwa hatua, kwa vimo vya vijana 20 wa kijiwe cha boda boda kule Nkuhungu ambao nilienda kuwapima mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa

Tafuta tepu ya fundi, ile ya chuma inayojikunja, sio ya fundi cherehani maana ile ya kitambaa inavutika ikizeeka. Tafuta ukuta ulionyooka wenye sakafu ngumu chini yake, gundi ya karatasi ya kubandikia tepu, na kipande cha ubao au kitabu kigumu chenye kona iliyonyooka vizuri. Daftari, penseli, na kalkuleta yenye alama ya kipeuo cha pili (√), ya kwenye simu inatosha. Ongeza sarafu 10, yoyote ile, kazi yake utaiona hatua ya 4.

Na watu wazima 20 wa jinsia moja. Ukipata 50 ni bora zaidi ila 20 wanatosha kujifunzia.

## Hatua ya 1: Chagua kundi moja, usichanganye

Chukua wanaume peke yao au wanawake peke yao, wa kuanzia miaka 20 hivi mpaka 50. Chini ya hapo wengine bado wanaongezeka, hasa wavulana, na wazee nao wanapungua kimo kwa sababu pingili za uti wa mgongo zinabanana na mgongo unapinda. Ukiwaweka wote humo unakuwa unapima umri na kimo kwa pamoja bila kujua.

Kuchanganya wanaume na wanawake ndo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na ubaya wake halionekani kwa macho. Watu wanadhani ukichanganya utaona vilima viwili kwenye mchoro kwa hiyo utajishtukia mwenyewe. Mara nyingi huoni. Vilima viwili vinajitenga pale ambapo wastani wa makundi umeachana zaidi ya standadi devieshen mbili hivi, na wanaume na wanawake kwa kawaida hawaachani kiasi hicho. Unachopata ni kilima kimoja kipana kilicholala, kinafanana kabisa na kitu halali. Madhara yake nitayaonyesha kwa namba mwishoni.

## Hatua ya 2: Pima vizuri, na sentimita 3 ni nyingi

Bandika tepu ukutani, sifuri iguse sakafu. Angalia chini ya ukuta, nyumba nyingi zina kile kipande cha vigae kilichotokeza kidogo, kile kinasukuma visigino mbele na mtu anashindwa kunyooka, tafuta ukuta usiokuwa nacho. Mtu avue viatu, avue kofia au helmeti, visigino vikae pamoja vikigusa ukuta, magoti yanyooke, macho yaangalie mbele. Kidevu kisipande juu, maana mtu akijua anapimwa urefu lazima ainue kidevu, we mwambie aangalie kitu kilicho usawa wa macho yake. Halafu weka ubao juu ya kichwa, kona moja ikae ukutani, bonyeza nywele zilale, soma. Kwa wanawake wenye misuko ya kusimama tafuta sehemu ubao utakapogusa kichwa chenyewe.

Pima kila mtu mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 1, pima ya tatu.

Saa nayo ina maana. Mtu anapoamka asubuhi ni mrefu kidogo kuliko jioni, tofauti ni kama sentimita 1 mpaka 2, kwa sababu zile diski laini kati ya pingili za mgongo zinabanwa na uzito wa mwili kutwa nzima, na sehemu kubwa ya kupungua inatokea masaa ya mwanzo baada ya kuamka. Kwa hiyo pima wote ndani ya muda mmoja, mimi nilienda saa 4 asubuhi.

Mara ya kwanza nilivyoenda Nkuhungu niliharibu mwenyewe. Ilikuwa jioni, wateja wengi, vijana wana haraka, nikakubali wengine wabaki na mabuti yao nikasema ni kitu kidogo tu. Kuna kijana pale wenzake wanamwita Kifupi, hilo jina limemganda mpaka wateja wanamuita hivyo hivyo. Jioni ile akiwa na mabuti alisoma 164. Niliporudi siku nyingine asubuhi, peku, akasoma 161. Akaniuliza kwa sauti ya chini wenzake wasisikie, "Mwalimu, kwani kweli mi ni mfupi?" Nikamwambia subiri nimalize hesabu nitakujibu kwa namba. Jibu lake lilikuwa limelalia kwenye hizo hizo sentimita 3, utaona.

Utajuaje umefaulu: ukimpima tena mtu yule yule bila kuangalia ulichoandika mwanzo, unapata jibu lile lile au linapishana chini ya sentimita 1.

## Hatua ya 3: Panga kwenye mafungu uione kengele

Hivi ndo vimo vya vijana wangu 20, kwa sentimita, nimeshavipanga kutoka mdogo kwenda mkubwa:

```
155 159 160 161 163 164 165 166 167 168
168 169 170 171 172 173 174 175 177 183
```

Gawa kwa mafungu ya sentimita 5, kila mtu mchoree x moja:

```
155-159  xx
160-164  xxxx
165-169  xxxxxx
170-174  xxxxx
175-179  xx
180-184  x
```

Geuza daftari upande uangalie. Katikati pameinuka, pembeni panashuka kote kote, mpaka kule mwisho kabaki mtu mmoja mmoja. Hilo ndo umbo la kengele. Kwa watu 20 haliwezi kulainika, lina makona makona, ukifika watu 500 ndo linaanza kuwa laini kama kengele yenyewe.

Onyo hapa ni upana wa fungu. Ukitumia mafungu ya sentimita 1 kwa watu 20 utapata nukta zimetapakaa bila umbo lolote na utasema kengele haipo. Ukitumia ya sentimita 15 utapata vibanda viwili tu. Kwa watu wachache mafungu 5 mpaka 7 yanatosha.

## Hatua ya 4: Rusha sarafu ujue kengele inatoka wapi

Watu wengi hapa wanaruka, wanakariri tu kwamba kimo kina umbo la kengele, basi. Usiruke, dakika 15 tu, kisha hesabu zote za mbele zitakaa kichwani zenyewe.

Chukua zile sarafu 10, zitikise kwenye kikombe, mwaga mezani, hesabu vichwa vingapi vimeangalia juu. Andika. Rudia mara 100 kama una uvumilivu, au gawaneni watu watano kila mtu arushe mara 20. Utaona 5 inatokea sana, 4 na 6 zinafuata karibu yake, 2 na 8 mara chache, na 10 pengine usiione kabisa.

Sababu ni njia. Ili upate vichwa 10 kuna njia moja tu, sarafu zote zikubaliane. Ili upate vichwa 5, sarafu yoyote inaweza kuwa kichwa ilimradi ziwe tano, na ukihesabu unakuta kuna njia 252. Matokeo yote kwa ujumla ni 1024. Kwa hiyo vichwa 5 vinatokea kama robo ya mara zote, na vichwa 10 mara 1 kati ya 1024. Hakuna anayezivuta sarafu ziende katikati, ni kwamba tu katikati kuna njia nyingi za kufika na pembeni kuna njia chache.

Sasa kimo cha mtu kinajengwa hivyo hivyo, ila sarafu zake ni nyingi mno. Hakuna kitu kimoja mwilini kinachoamua kimo. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza vinasaba vya watu zaidi ya milioni 5, wakakuta sehemu zaidi ya 12,000 zinazohusiana na kimo, na kila moja peke yake mchango wake ni mdogo sana. Nusu ya vinasaba umepewa na baba na nusu umepewa na mama, na kila nusu imechanganywa upya, ndo maana ndugu wa tumbo moja wanapishana. Juu yake ongeza chakula cha miaka ya mwanzo, kuharisha utotoni, malaria, hata afya ya mama akiwa mjamzito. Kimoja kinaongeza kidogo, kingine kinapunguza kidogo. Wengi wetu plasi na mainasi zinakaribia kulingana, tunaishia katikati. Kuwa mrefu sana lazima vitu vingi viangukie upande mmoja, na njia za kufika huko ni chache.

Zingatia masharti lakini: visababishi viwe vingi, kila kimoja kiwe kidogo, na visiwe vimefungwa pamoja vikaenda upande mmoja kwa mkupuo. Kikitokea kimoja kikubwa kinachoweza kuamua peke yake, kengele inaharibika pale kilipo. Ndo maana kwenye nchi yoyote ukipima watu wengi sana, kule mwisho wa upande wa wafupi unakuta watu wengi kuliko kengele inavyotabiri, kwa kuwa kuna hali kama akondroplasia ambapo badiliko la kinasaba kimoja tu linapunguza kimo kwa makumi ya sentimita. Huyo si mtu aliyerusha sarafu 10 akakosa vichwa, ni sarafu nyingine kabisa.

Utajuaje umefaulu: kwenye mirusho yako 100, ukijumlisha mara ulizopata vichwa 4, 5 au 6, unapata mahali karibu na 66. Ishike hiyo namba.

## Hatua ya 5: Tafuta wastani, halafu uhakikishe

Jumlisha vimo vyote, gawanya kwa idadi. Vya kwangu jumla ni 3360, gawanya kwa 20, wastani 168.

Uhakiki wake ni huu, toa wastani kwenye kila kimo upate tofauti. Yule wa 155 tofauti yake ni -13, wa 159 ni -9, wa 161 ni -7, hivyo hivyo mpaka wa 177 ambaye ni +9 na wa 183 ambaye ni +15. Jumlisha za mainasi zote, kwangu nimepata -52. Jumlisha za plasi, +52. Zikijumlishwa pamoja zinatoa sifuri, na lazima zitoe sifuri kila siku. Zikikataa, kuna namba umeikosea, usiendelee mbele.

## Hatua ya 6: Toa standadi devieshen

Tunataka kujua, kwa kawaida mtu wa kundi hili anakaa mbali kiasi gani na 168? Huwezi kuchukua wastani wa tofauti zenyewe maana tumeona zinajifuta zikawa sifuri. Kwa hiyo tunazizidisha zenyewe kwa zenyewe, yaani kipeo cha pili, mainasi zote zinapotea.

Wa 155 anakuwa 13 × 13 = 169. Wa 161 anakuwa 49. Wale wawili wa 168 ni 0. Wa 183 anakuwa 15 × 15 = 225. Ukimaliza wote 20, jumla ni 864.

Gawanya kwa 19, sio 20. Hapa kila mwaka naulizwa. Wastani tuliotumia tumeutoa kwa watu hawa hawa, kwa hiyo umeshajiegemeza upande wao na tofauti zinatoka ndogo kidogo kuliko zingetoka kama tungejua wastani halisi wa vijana wote wa Dodoma. Kupunguza mmoja kunafidia. Kwa watu 20 ni jambo dogo, kwa 500 hata halionekani, ila kwa watu 5 linabadilisha jibu.

864 ÷ 19 = 45.47. Usiishie hapa. Madaftari mengi yanaishia hapa, mtu anaandika standadi devieshen ni 45 anakunja kitabu. Hiyo 45.47 iko kwenye sentimita za mraba kwa sababu tulizidisha, na hakuna mtu mwenye kimo cha sentimita za mraba. Chukua kipeuo cha pili, √45.47, unapata 6.74. Tuseme sentimita 6.7.

Kama una kompyuta au simu yenye Excel, vimo vikiwa safu ya A:

```
=AVERAGE(A1:A20)
=STDEV.S(A1:A20)
```

Hiyo herufi S mwishoni ndo inayogawanya kwa 19. Ukiweka P itagawanya kwa 20 na utapata 6.57.

Utajuaje umefaulu: watu wazima wa jinsia moja kutoka sehemu moja, standadi devieshen ya kimo huwa inaangukia sentimita 6 mpaka 7 hivi, wanawake kidogo chini ya wanaume. Ukipata 2 au 15, rudi nyuma. Angalia kwanza namba ulizonakili, maana hii hesabu inaumizwa sana na mtu wa pembeni. Yule kijana wa 183 peke yake anatoa 225 kwenye 864, robo nzima. Kama ningemwandika 193 kwa kuteleza kalamu, wastani ungesogea nusu sentimita tu nisingeshtuka, ila standadi devieshen ingeruka kutoka 6.7 mpaka 8.1.

Na kitu kingine, usidhani ukipima watu wengi zaidi itapungua. Nimeona wanafunzi wanapima watu 60, wanapata 6.8, wanasema wamekosea kwa sababu walitegemea ishuke. Haishuki. Hiyo namba inaelezea watu wenyewe walivyotofautiana, sio makosa ya tepu. Kinachoboreka ukipima wengi ni uhakika wako wa wastani.

## Hatua ya 7: Weka ngazi, kisha mweke kila mtu kwenye ngazi yake

Simama kwenye 168, panda na shuka kwa hatua za 6.7.

Hatua moja kila upande inakupa 161.3 mpaka 174.7. Kengele inasema humo wanakaa watu kama 68 kati ya 100. Kwenye orodha yangu, kuanzia 163 mpaka 174, wako 13 kati ya 20, ambayo ni asilimia 65. Unaikumbuka 66 ya sarafu? Ni kitu kile kile. Hatua mbili kila upande ni 154.6 mpaka 181.4, kengele inasema humo wako kama 95 kati ya 100, na mimi nina 19 kati ya 20, amebaki nje yule wa 183 tu. Namba zangu zimekaa vizuri sana, zako zikitoa 12 au 15 badala ya 13 bado ni sawa, watu 20 ni wachache.

Kupata ngazi ya mtu mmoja: kimo chake toa wastani, gawanya kwa standadi devieshen.

Halafu maneno. Mimi natumia hivi, na haya ni makubaliano tu, hakuna mpaka uliochorwa mwilini mwa mtu. Kati ya -1 na +1 ni mtu wa kawaida, usimwite mrefu wala mfupi. Kutoka 1 mpaka 2 ni mrefu kiasi au mfupi kiasi, juu ya +1 wako kama 16 kati ya 100, kwa hiyo kwenye daladala iliyojaa hukosi kuwaona. Kupita 2 ndo mrefu kweli au mfupi kweli, huko kila upande wako kama 2 tu kati ya 100.

Kijana wa 183: (183 - 168) ÷ 6.7 = +2.24. Mrefu kweli.

Kifupi wetu: (161 - 168) ÷ 6.7 = -1.04. Yuko pale pale kwenye ukingo, ameugusa tu mfupi kiasi, na kwenye kundi kama hili wanaume 15 hivi kati ya 100 ni wafupi kuliko yeye. Nilipomwonyesha daftari nikamwambia, kaka, wapo watatu hapa hapa kijiweni uliowazidi, 155, 159 na 160, na hakuna anayewaita hilo jina. Akalichukua daftari akalikagua mstari kwa mstari. Na unaona zile sentimita 3 za mabuti? Kwa 164 angekuwa -0.6, ndani kabisa ya watu wa kawaida. Buti moja limemhamisha chumba. Ndo maana mtu aliyekaa ukingoni usimpe jina kwa ukali, sema tu yuko kwenye -1.

## Hatua ya 8: Pima mtu kwa kengele yake

Hapa narudi kwenye lile la kuchanganya. Wanawake 20 wa kikundi cha kuweka na kukopa niliowapima mtaa huo huo walitoa wastani wa 157 na standadi devieshen ya 6. Mmoja wao, dada anayeuza maandazi asubuhi, ana 171.

Ukimpima kwa kengele ya boda boda: (171 - 168) ÷ 6.7 = +0.45, mtu wa kawaida tu. Ukimpima kwa kengele ya wanawake wenzake: (171 - 157) ÷ 6 = +2.33, na huko juu anakaa kama mwanamke 1 kati ya 100. Sasa changanya makundi yote mawili. Wastani unakuwa 162.5 na standadi devieshen inavimba mpaka kama 8.4, kwa sababu imebeba mtawanyiko wa ndani ya kila kundi na umbali kati ya makundi pia. Yeye anatoka (171 - 162.5) ÷ 8.4, yaani +1.0. Mtu yule yule, kimo kile kile, majibu matatu. Linalojibu swali la "je ni mwanamke mrefu?" ni la pili tu.

Kwa watoto hii ngazi ndo inatumika kliniki, ila kengele yao haitolewi mtaani. Shirika la Afya Duniani lina vipimo vya kila mwezi wa umri, mvulana mbali na msichana mbali, na mtoto wa chini ya miaka 5 akiwa chini ya -2 kwa umri wake anahesabiwa ana udumavu. Kwa watoto waliokua kwenye mazingira mazuri, chini ya -2 wanatakiwa wawe kama 2 kati ya 100. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Tanzania ni kama 30 kati ya 100. Kengele yetu bado ni kengele, ila yote imesukumwa kushoto, kwa hiyo hata watoto wanaoonekana wako sawa wengi wao wangekuwa warefu zaidi kama wangekula vizuri. Hili linaniuma, maana ukimlinganisha mtoto na wa jirani tu huwezi kuliona, wote wamesogea pamoja.

## Pale ambapo namba zako hazifiki

Watu 20 wanakupa wastani unaoweza kupotoka. Gawanya standadi devieshen kwa kipeuo cha pili cha idadi, 6.7 ÷ √20 ni kama 1.5. Panda na shuka hatua mbili za hiyo 1.5 kutoka 168, kwa hiyo wastani halisi wa vijana wote kama hawa unaweza kuwa popote kati ya 165 na 171 hivi. Kama ni 171, yule wa 183 anashuka mpaka +1.8. Bado ni mrefu, ila "mrefu kweli" inaanza kuyumba. Andika jibu lake hivi: kama +2, kwa kundi la vijana 20 wa kijiwe hiki.

Na usiipeleke kengele mbali kwenye ncha. Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili kuingia ligi ya kikapu ya Marekani mwaka 2009, aliandikishwa na futi 7 na inchi 3, ambayo ni sentimita 221. Kwa daftari langu anakuwa (221 - 168) ÷ 6.7 = +7.9, na ukiifuata kengele mpaka huko inakwambia mtu wa hivyo hatakiwi kuwepo kabisa duniani. Yupo, na tumemwona akicheza. Kwa hiyo mtu akitoka zaidi ya +3 au -3, pima tena, angalia kama hukukosea kuandika, na kama kimo ni kweli basi mwandikie kimo chake na useme yuko nje ya +3, bila kutaja ni mmoja kati ya watu wangapi.